Wati 65 Zinazofika 30: Kuchaji Laptopu Kupitia Habu, Doki au Monita

Meza nyingi za kazi hapa Dodoma siku hizi zina waya mmoja tu unaoingia kwenye laptopu. Waya huo wa USB-C unapeleka picha kwenye monita, unaunganisha kibodi na diski ya nje, na wakati huohuo unachaji. Asubuhi unachomeka mara moja, jioni unachomoa mara moja. Raha hiyo hudumu mpaka siku utakapotupia jicho kona ya skrini saa nane mchana ukakuta alama ya kuchaji ipo, lakini betri iliyokuwa asilimia 41 tangu saa nne bado iko palepale, au imeshuka hadi 38.

Hapo wengi hukimbilia kununua chaja nyingine, na fundi akiulizwa anasema betri imechoka. Kabla ya kutoa hela, piga hesabu kwanza. Katika meza za namna hii mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kimefanya kilichoundwa kufanya, na wati zimeliwa njiani kabla hazijafika kwenye betri. Tutaifuata hesabu hiyo kwenye meza moja mpaka mwisho, maana ukishaielewa hapo, ya meza yako utaipiga mwenyewe.

Chaja inatangaza, laptopu inachagua

Chaja ya zamani ya pini ya duara ilikuwa haina maneno: unachomeka, volti 19 au 20 zinatoka. USB-C haiendi hivyo. Ukichomeka, kinachotoka kwanza ni volti 5 tu. Kisha chaja na laptopu zinazungumza kupitia mguso mdogo ndani ya plagi unaoitwa CC, kwa utaratibu ambao kwenye maboksi utauona umeandikwa Power Delivery, au PD kwa kifupi.

Chaja ndiyo inayoanza. Inatangaza orodha ya inachoweza kutoa. Chaja ya wati 65 kwa kawaida itatangaza volti 5, 9 na 15, kila moja kwa ampea 3, halafu volti 20 kwa ampea 3.25. Laptopu inaisoma orodha, inachagua mstari mmoja, karibu kila mara ule wa volti 20, na inaomba. Chaja ikikubali ndipo volti zinapopanda. Kuanzia hapo laptopu inajua mpaka wake, na iliyotengenezwa vizuri haitavuta zaidi ya ilichoahidiwa hata kama ina njaa.

Waya nao una kauli katika mazungumzo hayo. Waya wa kawaida wa USB-C unahesabiwa kuwa wa ampea 3. Ili chaja ithubutu kutangaza zaidi ya hapo, lazima ikute ndani ya plagi ya waya chipu ndogo inayojibu kwamba waya huu unabeba ampea 5. Isipoikuta chipu hiyo, inabaki kwenye ampea 3. Volti 20 mara ampea 3 ni wati 60. Ndiyo maana waya usio na chipu hauwezi kuvuka wati 60, hata ukiuchomeka kwenye chaja ya wati 100, na hata uwe mnene na mzuri kiasi gani kwa nje.

Mazungumzo yakishindikana kabisa, umeme unabaki kwenye volti 5, na hapo mwisho ni ampea 3, yaani wati 15, na mara nyingi hata hizo hazifiki. Laptopu nyingine hukubali kunywa hizo wati 15 pale tu inapokuwa imezimwa au imelala. Nyingine hazizitaki kabisa na hukaa kana kwamba hujachomeka kitu.

Kwa hiyo namba iliyochapwa kwenye chaja ni kiwango cha juu kabisa, kinachopatikana endapo tu kila kilichopo njiani kimekubali. Anayekubali kidogo kuliko wote ndiye anayeamua.

Meza moja, hesabu yake yote

Tuchukue meza ya mhasibu katika ofisi ya Makole. Ana laptopu ya inchi 14 inayotaka chaja ya wati 65, yenye betri ya saa-wati 50. Monita yake ni ya kawaida, ya HDMI, haina USB-C. Kwa hiyo amenunua habu: kile kiboksi kidogo chenye tundu la HDMI, matundu ya USB ya kawaida, na tundu moja la USB-C la kuingizia chaja, pembeni yake pameandikwa «PD 100W». Chaja yake ni ya wati 65 yenye matundu mawili, imekuja na waya wake wa ampea 5. Chaja inaingia kwenye habu, na habu inaingia kwenye laptopu.

Maandishi ya «100W» ndiyo yanayowachanganya wengi. Yanasema habu inaweza kupokea hadi wati 100 kutoka kwenye chaja. Hayasemi kwamba laptopu itapata 100. Habu haina umeme wake yenyewe, na ina kazi nyingi: kubadilisha picha iende HDMI, kulisha kibodi, flashi, diski ya nje, wakati mwingine waya wa mtandao. Kwa ajili ya kazi hizo inajiwekea akiba kabla haijatangaza chochote kwa laptopu. Katika habu nyingi akiba hiyo ni wati 15 hivi, na inakatwa hata kama hujachomeka kitu chochote kwenye matundu mengine, kwa sababu habu haiwezi kuahidi leo kisha ikanyang'anya kesho ukichomeka diski.

Chaja inatangaza 65. Habu inatoa 15. Laptopu inatangaziwa 50, yaani volti 20 kwa ampea 2.5. Hapo laptopu nyingi za Windows hutoa ujumbe kwamba chaja ni ya polepole, na mtu anaanza kuilaumu chaja ambayo haina kosa.

Wati 50 hizo haziendi kwenye betri moja kwa moja. Laptopu inajilisha kwanza, kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye betri. Ni kama simtanki linalojazwa huku koki ya chini iko wazi: kiasi kinachoingia juu hakikuambii lolote mpaka ujue kinachotoka chini. Mhasibu wetu akisoma nyaraka tu, laptopu yake inakula kama wati 12. Akifungua lahajedwali kubwa, kivinjari chenye kurasa nyingi na kikao cha video, inafika 28 hivi. Akitoa ripoti nzito au kusindika video, inaweza kupita 45.

Kwa kazi ya kawaida ya mchana, basi, 50 kutoa 28 ni 22. Sehemu kidogo inapotea kuwa joto wakati wa kubadilisha volti, kwa hiyo tuseme 20 zinafika kwenye betri. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ya betri ya saa-wati 50 ni saa-wati 30, na 30 gawa kwa 20 ni saa moja na nusu. Si kasi ya kujivunia, lakini inatosha. Mhasibu hana malalamiko.

Saa nne anachomeka simu yake kwenye tundu la pili la chaja.

Chaja ya wati 65 yenye matundu mawili haitoi 65 kila tundu. Ikitumika peke yake, tundu la kwanza linapata zote. Simu ikiingia, chaja inagawa. Mgawanyo wa kawaida ni 45 upande mmoja na 20 upande wa pili, na kwa kawaida umeandikwa kwa maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Ili kugawa upya, chaja inakata na kuanza mazungumzo tena. Ndipo monita inapozimika sekunde moja mbili na kurudi, na diski ya nje inatoka ghafla. Ukiona picha inapotea kila unapochomeka simu, ujue ni hapo. Monita haina ugonjwa. Na kama diski ilikuwa inaandikwa faili wakati huo, faili linaweza kuharibika, kwa hiyo hili si la kulichukulia kirahisi.

Sasa hesabu ni nyingine. Habu inapokea 45, inatoa 15 zake, inatangaza 30: volti 20 kwa ampea 1.5. Laptopu inakula 28. Zinabaki 2, na upotevu unazila. Betri imekwama palepale ilipo, ingawa alama ya kuchaji haijaondoka kwenye skrini. Akianza ripoti nzito inayotaka 45, laptopu inachukua 30 kutoka kwenye waya na 15 kutoka kwenye betri, na namba inaanza kushuka huku chaja imechomekwa. Hiyo ndiyo siri yote ya asilimia 41 iliyogeuka 38.

Baadhi ya laptopu hufanya jambo jingine ambalo wengi hawaliunganishi na chaja: zikiona ahadi ni ndogo, zinapunguza zenyewe kasi ya prosesa ili ziishi ndani ya ahadi hiyo. Betri haishuki, lakini kazi inaburuta. Mtu anafuta programu, anasafisha diski, anaongeza kumbukumbu, kumbe tatizo ni wati. Ukiona laptopu ni nyepesi ikiwa na chaja yake ya moja kwa moja na inakuwa nzito ikiwa kwenye habu, usitafute virusi.

Kununua kubwa kukaleta pungufu

Mhasibu anaamua kununua chaja ya wati 100. Uamuzi ni sahihi. Muuzaji anampa chaja nzuri, ila ndani ya boksi hamna waya. «Dada, waya wowote wa Type-C unafanya kazi,» anamwambia, na anayesema hivyo hana nia mbaya; kwenye simu, waya wowote unafanya kazi kweli. Dada anachukua waya uliokuja na simu yake, anauweka kati ya chaja mpya na habu. Simu safari hii ameiacha nje.

Waya ule hauna chipu. Chaja ya 100 inaishia 60. Habu inatoa 15. Laptopu inatangaziwa 45.

Yaani ametoka kwenye 50 alizokuwa anapata kwa chaja ndogo na waya wake sahihi, akashuka hadi 45 kwa chaja kubwa na waya wa simu. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kusema chaja ni feki. Akirudisha ule waya wa ampea 5, hesabu inabadilika papo hapo: 100 kutoa 15 ni 85, na laptopu inayohitaji 65 inachukua 65 zake zote. Hata katikati ya kikao cha video zinabaki zaidi ya wati 30 za betri.

Ushauri wetu kwa mwenye habu ni huu: kabla ya kununua chaja, chukua wati za chaja asilia ya laptopu, jumlisha 15, kisha panda hadi saizi inayouzwa iliyo juu ya hapo. Laptopu ya 45 inataka chaja ya 65 kwenye habu. Laptopu ya 65 inataka ya 100. Waya wa kati ya chaja na habu uwe umeandikwa 100W au 240W na muuzaji akubali kuurudisha ukishindwa, maana maandishi kwenye waya ni rahisi kuchapa kuliko kuweka chipu. Simu ipewe chaja yake ndogo kwenye soketi nyingine. Hilo la simu halina gharama yoyote na ndilo linalotatua kesi nyingi.

Monita na doki yenye adapta yake

Monita ya USB-C ni tofauti na habu kwa jambo moja kubwa: ina umeme wake kutoka ukutani. Mtengenezaji ameshatenganisha wati za kioo, wati za matundu ya USB, na wati za laptopu. Ikiandikwa kwamba inatoa 65 au 90, kwa kawaida ndizo laptopu itakazotangaziwa, bila kukatwa 15 tena. Wewe kazi yako ni kuzijua hizo wati kabla ya kununua, na hapa kuna mtego. Monita za bei ya chini zenye USB-C mara nyingine hutoa wati 15 tu. Picha inakuja safi kabisa, laptopu inaonekana imeunganishwa, lakini 15 hazitoshi hata kazi nyepesi. Karatasi ya sifa za monita lazima itaje wati za Power Delivery. Isipozitaja, chukulia ni 15 au hamna kabisa.

Mtego wa pili ni matundu mawili yanayofanana. Monita nyingi zina tundu moja la USB-C la laptopu, lenye 65 au 90, na jingine la kuchomekea simu au flashi, lenye 15. Nyuma ya monita, gizani, mkono unaingia popote. Tafuta namba ya wati au alama ndogo ya laptopu pembeni ya tundu. Dalili ni rahisi: ukiwa kwenye tundu la simu, hupati picha.

Kuhusu waya wa monita, tumia uliokuja nao kwenye boksi. Waya wa kuchaji wa wati 100 unaweza kuchaji vizuri na bado usipitishe picha hata chembe, kwa sababu ndani yake hamna nyaya za data ya kasi. Kinyume chake pia kipo: waya unaopitisha picha lakini ni wa ampea 3. Kwa monita ya 90, huo utakubakiza kwenye 60.

Angalia pia menyu ya monita yenyewe. Baadhi zina kipengele cha kuruhusu USB-C ichaji wakati monita imezimwa au imelala. Kikiwa kimefungwa, laptopu iliyoachwa usiku kucha itakutwa asubuhi haijaongeza kitu. Hilo si kudondoka kwa chaji, ni chaji kuzimwa.

Doki, yaani habu kubwa yenye adapta yake ya ukutani, inahesabiwa kwa njia ileile, ila soma namba mbili, usisome moja. Adapta inaweza kuandikwa 135W, wakati tundu la laptopu linatoa 90. Tofauti imeenda kwa matundu mengine ya doki. Namba ya kwenye tundu la laptopu ndiyo yako.

Laptopu nzito za michoro na michezo zina shida ya peke yake. Chaja yake ya pini ni ya wati 180, 230 na kuendelea, na tundu lake la USB-C kwa kawaida haliombi zaidi ya 100. Ukiiweka kwenye monita ya 90 itachaji ikiwa imetulia, na itakula betri ikifanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kuna toleo la Power Delivery, la 3.1 lililotoka mwaka 2021, linalofika wati 240 kwa volti 48, lakini chaja, waya na laptopu vyote vitatu lazima viwe vya toleo hilo. Kimoja kikikosa, mnarudi kwenye 100 au chini yake. Kwa laptopu kama hizo tunashauri monita itumike kwa picha, na chaja yake ya pini ibaki imechomekwa pembeni. Laptopu itachukua kwenye chaja yake na kuuacha umeme wa monita.

Kupima badala ya kukisia

Asilimia ya betri ni kipimo kigumu kusoma kwa sababu inasogea taratibu. Uliza moja kwa moja wati ngapi zinaingia. Kwenye Windows, fungua PowerShell na uandike:

```
Get-CimInstance -Namespace root/wmi -ClassName BatteryStatus
```

Angalia `ChargeRate` na `DischargeRate`. Ziko kwa miliwati, kwa hiyo 20000 ni wati 20. `PowerOnline` ikiwa True huku `DischargeRate` si sifuri, laptopu imechomekwa na bado inakula betri: wati hazitoshi. Amri ikikataa, fungua PowerShell kama msimamizi.

Kwenye Linux:

```
upower -d | grep -E "state|energy-rate"
```

Na kwenye Mac, amri hii inaonyesha wati zilizokubaliwa kwenye mazungumzo:

```
system_profiler SPPowerDataType | grep -i wattage
```

Zingatia kwamba amri mbili za kwanza zinapima kinachoingia kwenye betri, si kinachopita kwenye waya. Ili kuona cha kwenye waya, mita ndogo ya USB-C inayochomekwa katikati ndiyo inayosema ukweli. Iweke kati ya chaja na habu. Usiiweke kati ya monita na laptopu, kwa sababu mita nyingi hazipitishi picha na utadhani umegundua tatizo jipya. Ikisoma volti 5, mazungumzo yameshindikana; tafuta kosa kwenye waya au tundu. Ikisoma volti 20, mazungumzo yamefanikiwa, na shida ni bajeti ya wati. Mita hiyohiyo inapima waya: ukiwa na chaja ya 100 na laptopu yenye njaa ya 65, acha betri ishuke chini ya asilimia 50, anzisha kazi nzito, uangalie ampea. Zikipita 3, waya una chipu. Zikigota kwenye 3 au chini yake bila kupita, waya hauna chipu.

Pima betri ikiwa kati ya asilimia 20 na 60. Ikipita 80, laptopu yenyewe inapunguza kasi ya kuchaji ili kulinda betri, na ukipima hapo utailaumu monita bure. Laptopu nyingi za kazini pia zimewekewa mpaka wa asilimia 80 kwenye mipangilio. Zikifika hapo zinaacha kuchaji kwa makusudi.

Joto na vumbi letu

Mambo mawili ya hapa kwetu hayaandikwi kwenye vitabu vya maelekezo. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati bila dari ya maana kinapata moto kuanzia saa saba. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa seli zikifika nyuzi 45 hivi, na laptopu inapunguza au inasimamisha chaji mpaka zipoe. Laptopu iliyofungwa kifuniko na kusukumwa nyuma ya monita, ikiendesha skrini ya nje huku inachaji, inafika huko upesi. Ukiona inachaji vizuri asubuhi na kudonoa mchana kwa vifaa vilevile, ifungue kifuniko, inyanyue nyuma sentimita tatu nne ili hewa ipite chini, kisha pima tena baada ya nusu saa.

Vumbi la kiangazi nalo linaingia kwenye tundu la USB-C na, kila unapochomeka, plagi inalishindilia ndani zaidi. Mwishowe plagi haizami yote. Miguso ya umeme ni mingi na inaweza kushika, lakini mguso wa CC unaobeba mazungumzo ni mmoja tu kwenye waya, na ndani ya tundu unagusa upande huu au ule kutegemea umechomeka plagi kwa uso upi. Kwa hiyo kuna jaribio la sekunde tano: chomoa, geuza plagi juu chini, chomeka tena. Ikichaji upande mmoja na kugoma upande wa pili, umepata jibu. Zima laptopu, mulika tundu kwa tochi ya simu, na kwa kijiti cha meno cha mti au cha plastiki vuta vumbi lile taratibu kutoka kwenye kona za chini, pande zote za ule ulimi wa katikati. Usiuguse ulimi kwa nguvu na usitumie sindano wala pini ya chuma. Miguso iliyopo hapo ni myembamba sana na haitengenezeki mezani. Plagi inapozama yote, unaisikia inabana na kukaa sawa.

Umeme ukirudi

Umeme ukikatika, monita na doki zinazimika na laptopu inaendelea kwa betri. Ukirudi, hasa ukirudi kwa kushtuka mara mbili tatu, mazungumzo yanaweza kuanza, kukatwa katikati, na kubaki kwenye volti 5 au kwenye ahadi ndogo. Picha inaweza kuwepo wakati chaji haipo, kwa hiyo usiiamini picha.

Chomoa USB-C kwenye laptopu, hesabu hadi kumi, chomeka tena. Isiposaidia, chomoa monita au doki ukutani kabisa kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, rudisha ukutani kwanza, subiri iwake, ndipo uchomeke laptopu. Kisha rudia ile amri ya kupima. Doki ikiwa inakwama hivyo kila umeme unapokatika, tafuta sasisho la programu yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, ulisakinishe betri ya laptopu ikiwa zaidi ya nusu na umeme umetulia, kwa sababu kukatika katikati ya sasisho kunaweza kuiua doki yenyewe. Ukiwa na UPS ndogo, ichomeke doki hapo siku hiyo.